Fedha za mauzo ya nje zikae kwa nani: benki, wakili au kampuni ya eskro?

Mwenye kiwanda cha plaiwudi Mafinga anapotaka kumuuzia mnunuzi wa Ndola, Zambia, mtambo wake uliotumika, wote wawili hukwama mahali pamoja: nani atangulie? Muuzaji akifungua boliti, akakata nyaya za umeme na kupakia mashine ya kumenya magogo kwenye lobedi kabla ya kulipwa, mtambo ukishavuka Tunduma hana tena cha kushikilia. Mnunuzi akituma dola kabla ya kuuona mtambo ukiwa umesimama na kufanya kazi kwenye sakafu yake, anabaki na risiti ya benki na ahadi. Ndipo watu hukubaliana kuweka fedha kwa mtu wa tatu, na mkataba wa watu hao watatu ndio unaoitwa mkataba wa eskro.

Makala haya yanalinganisha aina tatu za mtu huyo wa tatu ambazo mfanyabiashara wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anaweza kuzipata kweli: benki, wakili mwenye akaunti ya wateja, na kampuni ya eskro iliyosajiliwa nje ya nchi. Kazi yangu hapa Mbeya ni kuandaa na kupitia mikataba ya wauza mbao na mitambo, na ninakiri mapema kwamba kuna upande mmoja ninaoupa uzito kuliko mingine. Kwa maoni yangu, wakala wa eskro hachaguliwi kwa jinsi atakavyolipa siku mambo yakienda sawa, maana siku hiyo hata karani mwangalifu angetosha. Anachaguliwa kwa jinsi atakavyotenda siku muuzaji na mnunuzi watakapompa maagizo yanayopingana, au siku yeye mwenyewe atakapokosea.

Kuna jambo la barabara zetu ambalo lazima litangulie. Mzigo ukisafiri kwa meli, hati ya shehena inayotolewa na mwenye meli inaweza kuwa hati ya umiliki, yaani anayeishika kihalali ndiye mwenye haki ya kudai mzigo bandarini, na kwa hiyo fedha zinaweza kufunguliwa dhidi ya karatasi hiyo bila wasiwasi mkubwa. Hati ya usafirishaji wa lori haina nguvu hiyo. Inathibitisha kwamba dereva amepokea mzigo na anaupeleka kwa fulani, basi. Mwenye lori humkabidhi mzigo mtu aliyetajwa, hata kama hati halisi imebaki kwenye droo ya muuzaji. Kwa hiyo anayenakili mkataba wa eskro ulioandikwa kwa mzigo wa meli na kuutumia kwa mzigo unaopita Tunduma au Kasumulu anaandika sharti ambalo halimlindi mtu yeyote.

Vigezo vya ulinganisho

Nitawapima wote watatu kwa maswali manne. La kwanza, fedha zinakaa kwa jina la nani, na zitakuwa salama kiasi gani wakala akifilisika. La pili, wakala anaweza kusoma sharti la aina gani: karatasi tu, au pia hali halisi ya mtambo. La tatu, anafanya nini siku ya ugomvi, na ugomvi ukiwa naye mwenyewe unapelekwa wapi. La nne ni gharama na muda wa kuanza.

Mfano tutakaoutumia

Chukua mtambo wa plaiwudi uliotumika wenye mashine ya kumenya, draya ya vinia na presi ya moto, unaouzwa kwa dola 420,000. Fedha zote zinaingia eskro kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa Mafinga. Zinatoka kwa awamu tatu. Dola 84,000 zinamwendea muuzaji mkaguzi aliyekubaliwa na pande zote akishatia saini ripoti ya ukaguzi Mafinga na orodha ya upakiaji yenye namba ya kila mashine. Dola 252,000 zinatoka mzigo ukishapokewa Ndola, kwa hati ya mapokezi iliyosainiwa na mtu aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba, pamoja na nakala ya tamko la forodha la upande wa Zambia. Dola 84,000 za mwisho zinatoka baada ya jaribio la mtambo, au baada ya siku 30 tangu mapokezi ikiwa mnunuzi hajaleta pingamizi lolote la maandishi.

Lile sharti la siku 30 lisipuuzwe. Bila hilo, mnunuzi anayenyamaza anaweza kuzishika fedha kwa kukaa kimya tu. Nimewahi kushughulikia mkataba ulioandika kwamba awamu ya mwisho itatolewa «mnunuzi atakaporidhika». Mnunuzi hakusema ameridhika, wala hakusema hajaridhika. Kila akiulizwa alijibu kwamba fundi wake bado anaangalia. Fedha zilikaa miezi saba. Wakala, ambaye sitamtaja, aliendelea kukata ada yake ya kila mwezi ndani ya fedha zenyewe, kwa sababu mkataba ulimruhusu kujilipa kutoka kwenye «kiasi kinachoshikiliwa». Muuzaji alipokuja kulipwa, alipokea pungufu ya alichouza, na hakukuwa na kifungu cha kumdai wakala hata senti moja.

Linganisha maneno hayo na sharti linaloweza kupimwa. Badala ya kuandika kwamba presi ifanye kazi vizuri, andika kwamba presi ifikishe nyuzijoto 115 kwenye sahani zote na ibaki hapo kwa dakika 30 bila kushuka zaidi ya nyuzi 5, mbele ya mkaguzi, na matokeo yaandikwe kwenye fomu iliyoambatishwa kwenye mkataba. Namba ya mtambo nayo inakiliwe kutoka kwenye kibati kilichopigwa misumari ubavuni mwa mashine, wala si kutoka kwenye ankara ya zamani. Niliwahi kuona orodha ya upakiaji ikitofautiana na kibati kwa tarakimu moja, 3 iliyosomwa kuwa 8 kwa sababu ya kutu, na wakala akagoma kulipa hadi pande zote zisaini marekebisho. Alikuwa na haki kabisa ya kugoma.

Benki

Benki ya biashara yenye huduma ya eskro hufungua akaunti maalumu kwa ajili ya muamala wenu, na kwa watu wengi huu ndio usalama wa kwanza unaowajia akilini. Una msingi, lakini una mpaka wake. Kinga ya amana inayotolewa na Bodi ya Bima ya Amana ina kikomo cha shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana katika benki moja, na fedha za mfano wetu zinazidi shilingi bilioni moja. Kwa hiyo kinachowalinda ni uimara wa benki yenyewe na maneno ya mkataba. Maneno mawili ndiyo muhimu: kwamba fedha hizi si mali ya benki wala za upande wowote hadi sharti litimie, na kwamba benki haitazikata kufidia mkopo ambao muuzaji au mnunuzi anadaiwa nayo. Mwenye kiwanda aliyekopa benki hiyohiyo asisaini bila sentensi hiyo ya pili.

Benki husoma karatasi. Haitamtuma mtu Ndola kugusa sahani za presi, wala haitaamua kama ripoti ya mkaguzi ni ya kweli. Itaangalia kama ina saini iliyotajwa, tarehe na maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Wengine huuona huo kuwa ugumu, lakini mimi nauona kuwa faida kwa yeyote aliye tayari kuandika masharti yake kwa umakini, kwa sababu wakala anayesoma karatasi tu hawezi kushawishiwa kwa simu ya jioni.

Siku ya ugomvi, benki huganda. Inashikilia fedha hadi ipate agizo la pamoja lililosainiwa na pande zote mbili, au tuzo ya mwisho ya msuluhishi, yaani uamuzi wake unaozifunga pande zote, au amri ya mahakama. Ugomvi ukiwa na benki yenyewe ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa mkataba wa kawaida wa benki huondoa karibu dhima yake yote isipokuwa kwa udanganyifu au uzembe mkubwa, huwataka ninyi muifidie kwa gharama za kesi, na huchagua mahakama inayoitaka benki yenyewe. Vifungu hivyo hujadilika zaidi ya watu wanavyodhani, hasa mkiomba neno «uzembe» libaki bila «mkubwa» katika jambo moja tu: kulipa kinyume cha masharti. Mteja anaweza pia kupeleka lalamiko kwa benki yenyewe na kisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Mbeya, lakini njia hiyo haiwezi kushika nafasi ya kifungu cha usuluhishi katika muamala wa ukubwa huu.

Gharama huwa ya kati hadi kubwa, na muda wa kuanza ni mrefu. Benki itataka nyaraka za usajili za kampuni zote mbili, majina ya wamiliki halisi na chanzo cha fedha za mnunuzi. Mnunuzi wa Zambia asipoziandaa mapema, wiki nzima huisha kwa kuulizana cheti cha usajili. Dola nazo kwa kawaida hupitia benki mshirika iliyo Marekani, na huko uhamisho unaweza kusimamishwa kwa maswali hata kama benki ya hapa iko tayari.

Benki inamfaa anayeuza kwa mtu asiyemjua, kwa kiasi kikubwa, na ambaye masharti yake yote yanaweza kugeuzwa kuwa karatasi.

Wakili mwenye akaunti ya wateja

Wakili wa kujitegemea hutakiwa kutenganisha fedha za wateja na fedha zake. Hata hivyo, akaunti ya wateja mara nyingi ni moja kwa wateja wote, na dola zenu zinaweza kukaa pamoja na fidia ya ajali ya mtu mwingine na bei ya kiwanja cha Uyole. Ombeni akaunti ya pekee kwa muamala wenu, yenye jina la muamala, na taarifa ya benki itumwe kwa pande zote mbili kila mwezi. Ulizeni pia kama wakili ana bima ya dhima ya kitaaluma na ina kikomo cha kiasi gani. Kama kikomo ni kidogo kuliko dola 420,000, basi kilichobaki kinalindwa na uaminifu wake tu, na hilo lisemwe mezani bila kuona haya.

Anapowashinda wengine ni katika kusoma masharti. Wakili anaweza kupanda basi kwenda Mafinga, kusimama pembeni ya draya, kuona mtambo ukizungushwa na kulinganisha kibati na orodha. Anaweza kusoma ripoti ya fundi na kuuliza swali la maana. Kwa mtambo wenye vipande vingi, ambapo si kila jambo linaingia kwenye fomu, uwezo huo una thamani kubwa.

Uwezo huohuo ndio hatari yake. Wakala anayepima hali halisi anatoa uamuzi, na anayetoa uamuzi anaweza kulaumiwa au kubembelezwa. Wakili aliyeandaa mkataba wa mauzo kwa niaba ya muuzaji asiwe wakala wa eskro wa mauzo hayo, hata kama mnunuzi amekubali kwa nia njema. Siku ya ugomvi atakuwa na mteja upande mmoja na dhamana upande mwingine. Akikosea, lalamiko linaweza kwenda Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya nidhamu juu yake. Lakini nidhamu ni jambo moja na kurudisha fedha ni jambo jingine. Kufutwa kwa jina lake kwenye orodha ya mawakili hakumpi mnunuzi dola zake, na kwa sababu hiyo kifungu cha usuluhishi kinachomfunga wakili mwenyewe ni cha lazima hapa kuliko kwa benki.

Gharama kwa kawaida ni nafuu na kazi huanza ndani ya siku chache. Ada ya wakili wa hapa kwa mteja wa hapa iandikwe kwa shilingi, kwa kuwa tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutaja na kulipa kwa fedha za kigeni bei ya huduma inayotolewa ndani ya nchi. Wakili naye ana wajibu chini ya Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, hivyo msishangae akidai nyaraka zilezile ambazo benki ingedai. Anayepokea dola laki nne bila swali lolote ndiye wa kuogopwa.

Wakili anawafaa wanaojuana kwa kiasi, wenye mtambo unaohitaji macho ya mtu, na ambao wote wawili wanamwamini mtu mmoja asiye wa upande wowote.

Kampuni ya eskro ya nje

Kampuni hizi hufanya kazi hiyo tu, mara nyingi kwa leseni ya nchi zilikosajiliwa, na fedha hukaa kwenye akaunti ya amana chini ya sheria ya huko. Usalama unategemea leseni, na leseni hukaguliwa kwa kuingia mwenyewe kwenye orodha ya msimamizi wa nchi hiyo, kamwe si kwa kubofya kiungo ulichotumiwa na upande mwingine. Kampuni bandia za eskro zipo nyingi, na zina dalili ambayo sijaiona ikikosekana: ni upande mmoja unaoleta jina la kampuni na kukataa nyingine yoyote. Dalili ya pili ni akaunti ya kupokelea fedha kuwa na jina la mtu binafsi au la kampuni tofauti. Ukiona mojawapo, simamisha.

Masharti yao mengi yameandikwa tayari. Kuna kipindi cha ukaguzi cha siku chache baada ya mapokezi, na mnunuzi asipopinga ndani yake fedha hutoka zenyewe. Kwa gari moja au mashine moja, mpango huo unafaa na hauchoshi. Kwa mtambo unaokwenda kwa malori kadhaa, unaohitaji wiki mbili kufungwa upya na umeme kuunganishwa kabla ya jaribio, siku chache hazitoshi. Na si kampuni zote zinazokubali kuandika awamu tatu kama za mfano wetu. Ulizeni hilo kwanza, kabla ya kuuliza ada.

Ugomvi huendeshwa kwa masharti yao: notisi kwa njia yao, usuluhishi katika nchi wanayoitaja, kwa Kiingereza. Kwa mauzo ya dola 420,000 gharama hiyo inaweza kubebeka. Lakini kama kinachogombewa ni dola 20,000 za mwisho, nauli, wakili wa huko na ada ya msuluhishi zinaweza kumeza kinachogombewa, na mwenye haki akaamua kuiacha.

Njia hii inamfaa anayenunua au kuuza na mtu wa bara jingine, ambapo hakuna benki wala wakili ambaye pande zote mbili zinaweza kumfikia.

Utaratibu wa ugomvi na wakala, kwa yeyote mtakayemchagua

Mikataba mingi inayoletwa mezani kwangu ina kosa moja lilelile. Mkataba wa mauzo una kifungu kizuri cha usuluhishi kati ya muuzaji na mnunuzi, na mkataba wa eskro unasema tu kwamba wakala atafuata «matokeo ya mgogoro». Wakala hakusaini mkataba wa mauzo, kwa hiyo kifungu kile hakimfungi. Mnaweza kupata tuzo ya msuluhishi, mkaipeleka kwake, naye akajibu kwamba hakuwa sehemu ya shauri na anasubiri mahakama. Dawa yake ni mambo mawili yaandikwe ndani ya mkataba wa eskro wenyewe: kwamba wakala atalipa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kupokea nakala iliyothibitishwa ya tuzo ya mwisho kati ya muuzaji na mnunuzi, na kwamba ugomvi wowote unaomhusu wakala mwenyewe utakwenda kwa msuluhishi chini ya kifungu ambacho wote watatu wamekisaini.

Turudi Ndola tuone kinavyofanya kazi. Siku ya 19 baada ya mapokezi, jaribio linafanyika na sahani moja ya presi haivuki nyuzijoto 98. Mnunuzi anatuma pingamizi. Mkataba mzuri unadai pingamizi liseme mambo matatu: ni sharti gani halikutimia, ushahidi ni upi, na ni kiasi gani kinachogombewa. Fundi anakadiria kubadilisha vali na mabomba ya sahani hiyo kwa dola 31,000. Wakala anashikilia dola 31,000 na kumlipa muuzaji dola 53,000 zilizobaki za awamu ya mwisho. Mkataba usiodai kiasi kitajwe humfanya wakala ashikilie dola 84,000 zote kwa kasoro ya sahani moja, na huo ndio mwanzo wa pande mbili kuacha kuzungumza.

Sasa tuseme wakala hakulipa zile 53,000. Huu si tena ugomvi wa presi. Ni ugomvi na wakala, na unahitaji ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni notisi ya maandishi kwa mtu aliyetajwa kwa cheo, naye ajibu kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi akitaja kifungu anachokitegemea. Hii peke yake humaliza sehemu kubwa ya migogoro, kwa sababu anayelazimika kutaja kifungu mara nyingi hugundua hana. Ngazi ya pili ni mazungumzo ya siku 10 na mkuu wake, au na mpatanishi kama wakala ni wakili. Ngazi ya tatu ni msuluhishi mmoja, na mkataba utaje mji wa usuluhishi, lugha, na nani atamteua wakishindwa kukubaliana. Yaandikwe pia kwamba msuluhishi huyo anaweza kusikiliza pamoja shauri la wakala na shauri la mauzo, la sivyo mtalipa mara mbili kuthibitisha jambo lilelile.

Kwa muda wote huo wakala asikate ada wala gharama za mawakili wake kutoka kwenye fedha anazozishikilia. Ada yake idaiwe kando, nusu kwa nusu au kwa mgawo mtakaoamua. Nikikumbuka ile miezi saba, nadhani hakuna sentensi fupi iliyo na thamani zaidi katika mkataba mzima.

Wakala naye ana haki ya kutaka kutoka. Mruhusuni ajiuzulu kwa notisi ya siku 30, lakini aendelee kushikilia hadi mrithi akubali kazi kwa maandishi. Mrithi akikosekana, mkataba umruhusu waziwazi kupeleka fedha mahakamani na kusema: fedha hizi hapa, mimi sizidai, wanaozidai ni hawa wawili. Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwachia wakala achague mji wa mbali. Nanyi kwa pamoja muwe na haki ya kumwondoa kwa notisi ya siku 14 bila kutoa sababu.

Lipo kosa ambalo halivumiliki, nalo ni kulipa kwa agizo la kughushi. Barua pepe inakuja ikiwa na saini iliyonakiliwa, ikisema akaunti ya muuzaji imebadilika, na wakala analipa. Mkataba utamke kwamba akaunti za kulipia ni zile zilizo kwenye kiambatisho, kwamba mabadiliko yatakubaliwa tu baada ya wakala kupiga simu kwa watu wawili waliotajwa kwa namba zilizomo mkatabani, na kwamba asipofanya hivyo atarudisha kiasi chote kutoka mfukoni mwake bila kujali kama alizembea kidogo au sana. Benki zitapinga sentensi hii. Shikilieni hapo kuliko penginepo.

Kuhusu utekelezaji, usuluhishi una faida kubwa kwa mpaka wetu. Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao nchi wanachama hukubaliana kutambua na kutekeleza tuzo za usuluhishi zilizotolewa nchi nyingine, tangu mwaka 1964, Zambia tangu mwaka 2002, na Malawi ilijiunga mwaka 2021. Tuzo iliyotolewa Mbeya chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inaweza kupelekwa Lusaka kutekelezwa bila kuanza kesi upya kuhusu presi.

Uchague kwa hali yako

Kama hujawahi kufanya biashara na upande wa pili, kiasi ni kikubwa kuliko uwezo wako wa kupoteza, na fundi wako anaweza kukusaidia kugeuza kila sharti kuwa fomu ya kusainiwa, nenda benki, na utumie nguvu zako kujadili vifungu vya kutokukata mikopo, vya simu ya uthibitisho na vya usuluhishi.

Kama unadaiwa na benki hiyohiyo na imekataa kuandika kwamba haitagusa fedha hizo, nenda benki nyingine, au kwa wakili mwenye akaunti ya pekee.

Kama mtambo una vipande vingi, umetumika sana, na pande zote mbili ziko karibu na mpaka kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuona upakiaji Mafinga na ufungaji Ndola, wakili asiye wa upande wowote atakufaa zaidi, mradi kiasi kisizidi bima yake kwa mbali. Kama kinazidi, gawanyeni kazi: benki ishike fedha, na wakili au mhandisi awe mkaguzi ambaye saini yake ndiyo karatasi ambayo benki inaisoma. Mpango huu unagharimu zaidi kidogo, lakini umenitoa kwenye matatizo mara kadhaa.

Kama unanunua mashine moja kutoka Asia au Ulaya, inakuja kwa meli, na muuzaji hatambui benki wala wakili wa hapa, kampuni ya eskro yenye leseni uliyoikagua mwenyewe ni njia halali. Omba kipindi cha ukaguzi kihesabiwe kuanzia siku mashine inapowashwa kwenye kiwanda chako, na wakikataa, kihesabiwe kuanzia inapotoka bandarini Dar es Salaam, si inapoingia.

Na kama upande wa pili unakubali wakala yeyote lakini unakataa kifungu cha ugomvi na wakala kisainiwe na wote watatu, usifungue boliti wala usitume dola hadi sababu ya kukataa ielezwe kwa maandishi.